Kongamano kwa Mhandisi Mkimya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa zaidi na wahandisi vijana ambao ofisi imewatuma kwenye kongamano, posho imeingia, tiketi ya basi imekatwa, na usiku wa kuamkia safari tumbo linaanza kuwasokota. Ili majibu yasielee hewani, tutamfuata mtu mmoja wa mfano. Ni mhandisi wa mamlaka ya maji ya mji wa wastani, anayekwenda kongamano la siku mbili pale kituo cha mikutano cha AICC, Arusha. Mamlaka yake inazalisha maji mengi kuliko yanayolipiwa, na yeye amepewa kazi ya kujua yanapotelea wapi. Amesikia kuna wenzake waliogawa mtandao wa mabomba katika kanda ndogo, kila kanda na mita yake. Anataka kujua walifanyaje. Tatizo lake ni kwamba akisimama mbele ya mtu asiyemjua, maneno yanamkimbia.

Kuna watu mia kadhaa ukumbini. Natakiwa kuzungumza na wangapi?

Watatu. Ukipata wanne ni nyongeza. Yule anayezunguka kila meza akigawa kadi anarudi nyumbani na rundo la majina ambayo wiki ijayo hatakumbuka hata sura zake.

Ila hao watatu wasiwe watu unaoonana nao kila mwezi. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala iliyotokana na mahojiano na wataalamu na mameneja wa mji wa Newton, karibu na Boston, waliokuwa wamebadili kazi. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, asilimia 17 tu walikuwa wakionana naye mara kwa mara. Waliobaki walipata habari kutoka kwa watu wanaokutana nao mara moja moja au kwa nadra: mwalimu wa zamani, mtu waliyewahi kufanya naye kazi. Sababu yake si ngumu. Rafiki yako wa karibu anajua yale yale unayoyajua wewe, maana mnakula meza moja na mnasoma kundi moja la WhatsApp. Mtu wa mbali ana habari ambazo hazijakufikia. Kongamano ni mahali pa kumpata huyo wa mbali, na kumpata hakudai urafiki.

Je, huku si kujikomba?

Hili ndilo linalowazuia wengi, kuliko hata haya yenyewe. Tumelelewa kumcheka anayejipendekeza kwa wakubwa, na neno "koneksheni" lina harufu ya kazi zinazopatikana bila sifa.

Kipimo ninachokiamini ni hiki: je, ungemuuliza swali hilo hata kama angekuwa hana cheo? Mhandisi wetu anataka kujua mita ya kanda ilifungwa wapi na ilisomwaje. Aliyeifunga akiwa fundi wa daraja la chini, swali ni lile lile. Huko si kujikomba. Kujikomba ni kumsifia mkurugenzi kwa hotuba ambayo hukuisikiliza, ukitumaini akukumbuke. Wakubwa wengi wanaitambua tofauti hiyo upesi, kwa sababu wanasifiwa siku nzima ila wanaulizwa maswali ya kazi mara chache.

Nijiandae vipi kabla ya kusafiri?

Hapa ndipo mkimya anapopata nafuu yake kubwa, maana maandalizi hufanyika ukiwa peke yako mezani.

Chukua ratiba mara tu waandaaji wanapoitoa. Usiisome kama orodha ya mada, isome kama orodha ya watu. Mhandisi wetu anakuta mada moja kuhusu kupunguza upotevu wa maji, inayotolewa na meneja wa ufundi wa mamlaka ya mkoa mwingine. Huyo ni wa kwanza. Anakuta kampuni ya mita ina banda la maonesho. Fundi wake atakuwa wa pili. Wa tatu ni mhadhiri atakayeongoza kikao, ambaye amefundisha masuala ya mabomba kwa miaka.

Kwa kila mmoja aandike swali moja, na swali hilo liwe na kitu mahususi ndani yake. "Naomba unieleze kuhusu upotevu wa maji" si swali, ni mzigo. Mwenye kuulizwa hajui aanzie wapi. Linganisha na hili: "Mlipopima mtiririko wa usiku, kati ya saa nane na saa kumi, mlitofautishaje maji yanayovuja na yale yanayojaza matangi ya majumbani?" Swali hili linaonyesha kwamba muulizaji anafahamu kwa nini watu wa maji hupima muda huo: wateja wengi wamelala, kwa hiyo maji yanayoendelea kupita kwenye mita kwa sehemu kubwa ni yanayovuja. Linaonyesha pia amekutana na kikwazo cha miji yetu, ambako nyumba nyingi zina tangi juu ya paa na tangi hujaa usiku presha inapopanda. Mtoa mada akisikia hivyo atasogeza kiti.

Kisha, siku tatu au nne kabla, amtumie yule wa kwanza barua pepe fupi. Anwani mara nyingi ipo kwenye tovuti ya taasisi, au waandaaji wanaweza kuifikisha. Mistari minne inatosha: mimi ni nani, nimeona utatoa mada hii, nina swali moja juu ya vipimo vya usiku, ningefurahi kukusalimu wakati wa chai. Asipojibu si neno. Ukifika utasema, "Mimi ndiye niliyekuandikia juu ya vipimo vya usiku," na huo ni mlango tayari.

Nikishasimama mbele yake, naanzaje?

Kwa salamu. Ni bahati yetu kwamba salamu za Kiswahili ni ndefu na zina mpangilio unaojulikana. Mtu mwenye haya anapewa sentensi tatu nne za bure kabla hajabuni hata neno moja. "Habari za asubuhi, mhandisi. Za safari? Mmetokea wapi?" Akisema ametoka Mbeya, unauliza mvua zimeanza huko. Hapo moyo umeshatulia kidogo, na swali lako la kazi linapita bila kukwama.

Kuhusu shikamoo: kwa mtu aliyekuzidi umri wazi wazi, itoe, haina madhara hata kwenye hoteli ya nyota tano. Kwa anayekaribiana na wewe umri lakini ana cheo, "habari za kazi" pamoja na cheo chake inatosha. Mkimya akiwa na shaka atumie cheo: mhandisi, daktari, profesa. Akiambiwa "niite tu kwa jina", ni vizuri, ila asianzie hapo.

Jitambulishe kwa kazi unayoifanya sasa badala ya cheo chako. "Nipo kitengo cha usambazaji, tunajaribu kugawa mji wetu kanda sita" kunampa mwenzako mahali pa kushika. "Mimi ni Mhandisi Daraja la Pili" kunamwachia kutikisa kichwa tu.

Nakuwa na hakika wamenichoka. Nitajuaje?

Mara nyingi hujui, na makisio yako yanakudanganya. Mwaka 2018 wanasaikolojia wa Marekani na Uingereza walichapisha utafiti uliowaweka watu wasiojuana wazungumze, kisha kila mmoja akaulizwa alimpenda mwenzake kiasi gani na anadhani yeye amependwa kiasi gani. Watu walidhani wamependwa kidogo kuliko ilivyokuwa kweli, na pengo hilo lilikuwa pana zaidi kwa wenye haya.

Kwa hiyo usisome sura, tazama miguu na simu. Mtu aliyechoka anageuza mwili kuelekea mlangoni au anaangalia simu mara ya pili. Aliyekunja uso tu huenda anafikiria swali lako.

Niulize swali langu ukumbini, kwenye kipaza sauti?

Ukiweza, uliza, kwa sababu likishaulizwa mbele ya watu hulazimiki kumfuata mtu. Watu watakufuata wewe. Wakati wa chai kuna atakayekuja kusema, "Na sisi tuna shida hiyo ya matangi."

Liandike neno kwa neno na ulisome kwenye karatasi. Hakuna atakayekushangaa. Taja jina, taasisi, swali, kaa chini. Usitoe hotuba ya utangulizi. Ukumbi mzima unamjua yule mzee anayesema "sina swali ila nina mchango mdogo" na mwenyekiti anaanza kutazama saa.

Kama kipaza sauti ni zaidi ya uwezo wako, mpelekee mwongoza kikao karatasi yenye swali. Wengi wanashukuru, maana dakika ya kwanza ya maswali huwa ya kimya na wao ndio wanaoibeba.

Mtu ninayemtaka ni mkubwa na amezungukwa na wapambe. Nifanyeje?

Achana naye, walau kwa siku ya kwanza. Angalia slaidi ya kwanza au ya mwisho ya mada: mara nyingi kuna majina matatu. Aliyesimama jukwaani ni wa kwanza, lakini aliyekesha akisoma mita saa tisa usiku huenda ni wa tatu, na yuko pale ukumbini amekaa safu ya nyuma bila mtu yeyote wa kumuuliza kitu. Huyo ndiye hazina. Anajua mita ipi iliganda, valvu ipi ilikuwa haifungi sawasawa hadi kanda ikawa inaingiza maji ya jirani, na gharama halisi ilikuwa nini. Atakupa nusu saa kwa furaha. Na kesho yake ni yeye atakayekupeleka kwa bosi wake: "Mzee, huyu ndiye niliyekuambia."

Tumekuja watano kutoka ofisi moja. Nawaacha vipi bila kuonekana najitenga?

Waambie mapema. "Leo mchana nakula na watu wa Mbeya, nataka kuwauliza mambo ya mita." Ofisi moja ikikaa meza moja siku mbili mfululizo, inakuwa imesafiri kilomita mia kadhaa ili izungumze yale yale ya kantini. Njia nyepesi ni kukubaliana mgawane vikao, kila mtu kikao chake, kisha jioni mpeane habari. Mkimya akiwa ametumwa na wenzake hujisikia ana haki ya kuwa pale.

Mapumziko ya chai yananimaliza nguvu kuliko vikao. Naruhusiwa kukimbia?

Ndiyo. Chagua chai moja ya kufanya kazi na nyingine ya kutembea nje. Foleni ya chai ni bora kuliko meza za kusimama, kwa sababu aliye mbele yako hana pa kwenda na mazungumzo yanaisha yenyewe sahani zikijaa. Mabanda ya maonesho pia yana nafuu: mwenye banda amelipia aje kuongea na wewe.

Natokaje kwenye mazungumzo?

"Nimefaidika, mhandisi. Sitaki kukumalizia muda wa chai. Naomba namba yako nikuandikie kesho juu ya hili." Ukishasema hivyo, ondoka kweli.

Kadi, namba ya simu au LinkedIn?

Kwa sehemu kubwa ya Tanzania na Kenya, namba ya simu. "Nibipu hapo" bado ndiyo njia ya haraka, na inahakikisha tarakimu hazikukosewa. Kadi ichukue, ila usitegemee. Nyingi zina namba ya mezani ya ofisi na barua pepe isiyofunguliwa. LinkedIn inafaa kwa watu wa kampuni binafsi, mashirika ya kimataifa na walio nje ya nchi. Mhandisi mkongwe wa serikali anaweza kuwa na ukurasa pale uliofunguliwa na mwanawe.

Ihifadhi namba kwa jina, mahali na jambo: "Mhandisi fulani AICC vipimo vya usiku". Na usiku huo huo, kabla hujalala, andika mistari mitatu kwa kila mtu: mlizungumza nini, aliahidi nini, wewe uliahidi nini. Huo wa tatu ndio unaosahaulika.

Ujumbe wa kwanza niutume lini, na useme nini?

Ndani ya siku mbili. Siku hiyo hiyo jioni bado yuko kwenye chakula cha usiku cha wadhamini. Baada ya wiki amezikwa na kazi zilizomsubiri ofisini na sura yako imefutika.

Hapa mkimya ana kila sababu ya kufurahi, kwa sababu sasa ni kuandika na hakuna anayemtazama. Ujumbe wa mhandisi wetu ungekuwa hivi:

"Habari za asubuhi, mhandisi. Mimi ndiye tuliyezungumza jana AICC kwenye chai kuhusu matangi ya majumbani na vipimo vya usiku. Ulisema mlipima siku saba mfululizo badala ya usiku mmoja. Nimelipenda hilo na tutalijaribu kanda yetu ya sokoni. Nilikuahidi fomu tunayotumia kusajili mivujo, nimeiambatanisha. Ukipata nafasi wiki hii, naomba kujua jambo moja: mita mliiweka kabla au baada ya valvu ya kupunguza presha?"

Ujumbe huo unamkumbusha walikutana wapi na waliongea nini. Unaonyesha alimsikiliza, kwa kurudia jambo moja alilosema. Unatimiza ahadi. Na unaomba kitu kimoja kinachojibika kwa neno moja akiwa kwenye foleni ya benki. Maswali matano yangemfanya aseme "nitamjibu nikitulia", na huko kutulia hakuji.

Mambo yanayouharibu ujumbe wa kwanza yanajulikana. Kuandika "Habari" peke yake na kungoja. Kutuma sauti ya dakika nne. Kumwingiza kwenye kundi bila kumuuliza. Kuanza kumrushia picha za "asubuhi njema" kila siku. Hiyo ndiyo inayowafanya watu wenye adabu wakunyamazishe bila kukuambia.

Tiki mbili za bluu, siku tano, hajajibu. Nimemuudhi?

Haielekei. Ameusoma akiwa kwenye gari. Ngoja siku kumi hivi, kisha kumbusha mara moja tu, ukiwa na kitu kipya mkononi: "Mhandisi, tumeanza vipimo juzi. Usiku wa kwanza na wa pili vimetofautiana sana. Na ninyi mliona hivyo mwanzoni?" Ukumbusho wenye habari mpya unajibika bila yeye kuomba radhi kwa kuchelewa. "Nakukumbusha ule ujumbe wangu" unamtia hatiani, na mtu mwenye hatia hukwepa.

Akinyamaza tena, acha. Mtakutana kongamano lijalo na utamsalimu kama kawaida, bila kutaja ujumbe.

Amejibu, nimemshukuru. Baada ya hapo nini?

Rudisha matokeo. Hatua hii huachwa na karibu kila mtu.

Tuseme kanda ya sokoni ina wateja 420. Kwa siku saba, kati ya saa nane na saa kumi usiku, mita ilionyesha wastani wa mita za ujazo 9 kwa saa. Mafundi wakatafuta, wakakuta bomba lililopasuka chini ya mtaro na viungio viwili vibovu. Baada ya matengenezo ikashuka hadi 4. Mhandisi wetu amtumie aliyemshauri namba hizo mbili na mchoro mmoja: "Tulifuata ushauri wako wa siku saba. Hivi ndivyo ilivyokuwa kabla na baada." Aseme pia kilichoshindikana, kwa mfano kwamba valvu moja ya mpakani haifungi kabisa na huenda 4 hiyo ina maji ya kanda ya pili.

Mtu aliyetoa ushauri na kuona umefanya kazi mahali pengine amepata kitu cha kusimulia ofisini kwake. Mara nyingi yeye ndiye atakayepiga simu safari ijayo. Baada ya hapo, ujumbe mmoja kila miezi mitatu au minne unatosha, ukiwa na sababu: tangazo la mafunzo linalomhusu, kipimo kipya, pongezi ya kupandishwa cheo.

Mimi ni mwanamke. Nikimwandikia mwanaume, atanielewa vibaya?

Wapo watakaojaribu. Andika saa za kazi, jina la mradi liwe kwenye mstari wa kwanza, na mambo marefu yapeleke kwenye barua pepe, ambako pia unaweza kumnakili mwenzako wa kitengo. Mikutano iwe ukumbini au mgahawani mchana, si hotelini jioni. Akianza "umelala?" saa nne usiku, jibu asubuhi kwa jambo la mita tu. Akiendelea, mwondoe kwenye watatu wako. Aliyesoma mita usiku naye anajua majibu.

Ni lini naweza kumwomba kazi au kumwombea mtu nafasi?

Baada ya kurudisha matokeo angalau mara moja, na usiombe kazi yenyewe, omba habari. "Nikisikia mmefungua nafasi za kitengo cha upotevu wa maji ningependa kuomba" humpa uhuru wa kusema ndiyo au kunyamaza bila aibu. Mwenye nafasi ya serikali hawezi kukupa nje ya usaili hata akitaka, ila anaweza kukuambia tangazo limetoka siku lilipotoka, na kitengo kinatafuta mtu wa aina gani. Wasifu wako utume akiuomba, faili moja la PDF, lenye jina lako kamili badala ya "CV mpya mwisho 3".